Mapigo ya Moyo Usingizini kwa Wanaokesha Kazini na Wanaosafiri Mbali: Mwongozo wa Kusoma Vipimo na Muda wa Kusubiri

1. Mwongozo huu unamhusu nani

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, walinzi, madereva, mafundi mitambo, wafanyakazi wa bandarini na wengine wote wanaofanya kazi usiku na kulala mchana. Unawahusu pia wafanyabiashara na watumishi wanaosafiri kwa ndege hadi nchi ambazo saa zake zinatofautiana na za kwao kwa saa nne, tano au zaidi.

Wengi wao siku hizi huvaa saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo usiku kucha. Mtu akitoka zamu, akalala na kuamka, anakuta namba imepanda kuliko ya wiki iliyopita, na programu ya simu inamwambia mwili haujapumzika. Wapo wanaoingiwa na hofu bure. Wapo pia waliozoea kusema "ni zamu tu", na siku wanayougua kweli wanaipuuza namba ileile iliyokuwa ikiwapa taarifa.

Kanuni inayofuatwa hapa ni moja. Linganisha usingizi wa mchana na usingizi wa mchana, na wa usiku na wa usiku. Baada ya mabadiliko, upe mwili muda unaolingana na mabadiliko hayo. Kipimo ambacho hakijatulia muda huo ukipita, usikisingizie zamu wala safari.

Saa zote humu zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Penye saa 3:30 asubuhi, skrini ya kifaa chako itaandika 09:30.

2. Kinachopandisha na kushusha mapigo ukiwa umelala

Mapigo ya mtu aliyelala huongozwa na mambo mawili yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. La kwanza ni usingizi wenyewe. Ukilala, misuli inatulia, mwili unahitaji damu kidogo, na mshipa wa fahamu unaotuliza moyo unashika usukani. Mapigo hushuka ndani ya dakika chache, uwe umelala saa 4 usiku au saa 4 asubuhi.

La pili ni saa ya mwili. Hii ni sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na huupangia mwili mchana na usiku kwa kufuata mwanga unaoingia machoni. Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, saa hii huyashusha mapigo hadi chini kabisa kati ya saa 9 usiku na saa 12 asubuhi, kisha huanza kuyapandisha kuelekea mchana. Hufanya hivyo hata kama mtu yuko macho. Ndiyo maana mlinzi aliyekaa kimya kwenye kiti saa 10 alfajiri huhisi baridi na uzito, na mapigo yake huwa ya chini kuliko akikaa vivyo hivyo saa 8 mchana.

Mtu akilala usiku, mambo hayo mawili yanavuta upande mmoja. Mstari wa mapigo kwenye programu unashuka pole pole, unafika chini usiku wa manane au alfajiri, halafu unapanda kidogo kabla ya kuamka. Umbo lake ni kama bakuli.

Akilala asubuhi baada ya kukesha, yanavutana. Usingizi unashusha, saa ya mwili inapandisha. Mapigo hushuka upesi katika saa moja au mbili za mwanzo, kisha yanapanda taratibu hadi mtu anapoamka. Tena, usingizi wa ndoto huja kwa wingi saa za asubuhi, na katika usingizi huo moyo hauendi kwa utulivu, unapanda na kushuka. Kwa hiyo mstari wa usingizi wa mchana huwa na miinuko mingi, wastani wake huwa juu kidogo, na usingizi wenyewe mara nyingi hukatika mapema. Hayo yote ni ya kawaida.

Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo inayojibu swali la muda. Sehemu inayofuata usingizi hurudi haraka, mara tu ukilala vya kutosha. Sehemu inayofuata saa ya mwili husogea kwa hatua ndogo, kadiri ya saa moja au moja na nusu kwa siku. Kwa hiyo wastani wa mapigo hutulia mapema, na saa ambayo mapigo hufika chini kabisa huchelewa kurudi mahali pake. Mtu anayeangalia wastani peke yake atadhani amezoea wakati bado.

3. Namba za kuandika na kiwango chako cha kawaida

Chukua namba mbili tu kwa kila usingizi. Ya kwanza ni wastani wa mapigo kwa usingizi mzima. Ya pili ni saa ambayo mapigo yalifika chini kabisa na kukaa hapo kwa dakika kadhaa, siyo nukta moja iliyochomoka. Achana na alama za "utayari" au "ahueni" ambazo programu hutoa, kwa sababu nyingi zimekokotolewa kwa kudhani kwamba kila mtu hulala usiku.

Andika kwenye daftari au kwenye simu: tarehe, saa ya kulala na kuamka, aina ya usingizi (wa usiku au wa mchana baada ya zamu), namba zile mbili, na neno moja la sababu kama ipo, mfano "joto", "pombe", "mafua", "kahawa".

Ili kupata kiwango chako cha kawaida, kusanya angalau siku 7 za aina moja ya usingizi, na 14 ni bora zaidi. Panga wastani wa siku hizo kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha chukua namba iliyo katikati. Namba ya katikati haiyumbishwi na siku moja mbaya. Mfanyakazi wa zamu anahitaji viwango viwili, cha usingizi wa usiku na cha usingizi wa mchana, na asivichanganye kamwe. Kuchanganya ndiko kunakofanya programu nyingi zilie kila wiki ya zamu na zinyamaze wiki ambayo zilitakiwa kulia.

Usijenge kiwango katika kipindi kisicho cha kawaida: ukiwa na homa, wiki ya kwanza baada ya kuhama kutoka pwani kwenda sehemu ya mwinuko, au mwezi wa Ramadhani kwa anayefunga, kwani futari nzito ya usiku na kuamka kula daku hubadilisha usingizi na mapigo pia. Kwa wanawake wengi, mapigo ya usingizini hupanda kidogo katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi. Hivyo kiwango kilichokusanywa wiki moja tu kinaweza kuwa cha juu au cha chini kuliko ukweli.

Asiye na saa ya namna hiyo anaweza kupima mwenyewe akiamka. Abaki amelala chali kwa dakika mbili hadi tatu, hasa kama ameamshwa na kengele, kisha aweke ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, ahesabu kwa sekunde 60 kamili. Asitumie dole gumba kupimia, maana lina mpigo wake. Namba atakayopata itakuwa juu kidogo ya ile ya usingizini. Hilo si tatizo mradi apime vivyo hivyo kila siku.

4. Mfano: muuguzi wa zamu nne za usiku

Tuchukue muuguzi wa wodi, mwenye afya njema, anayeingia zamu saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi. Namba zifuatazo ni za mfano, lakini mwendo wake ndio unaoonekana kwa watu wengi.

Kiwango chake cha usingizi wa usiku ni mapigo 56 kwa dakika, na mapigo yake hufika chini kabisa kama saa 10 alfajiri. Kiwango chake cha usingizi wa mchana, alichokikusanya katika zamu za miezi iliyopita, ni 61.

Anaanza zamu Jumatatu usiku. Jumanne anafika nyumbani, anaoga, analala saa 3:30 asubuhi na kuamka saa 8:30 mchana. Wastani ni 62. Mapigo yamefika chini saa 4:30 asubuhi, saa moja tu baada ya kulala, kisha yamekuwa yakipanda hadi 66 anapoamka. Programu inamwambia amezidi kawaida yake kwa mapigo sita. Daftari lake linasema amezidi kwa pigo moja, na daftari ndilo lenye haki.

Jumatano wastani ni 61. Alhamisi ni 63, lakini mstari una mruko wa ghafla kuanzia saa 6 mchana. Umeme ulikatika, feni ikasimama, na chumba chake kimeezekwa kwa mabati. Joto huufanya moyo kupiga haraka ili kupeleka damu kwenye ngozi mwili upoe. Anaandika "joto" na hahangaiki. Ijumaa wastani ni 61, na safari hii sehemu ya chini kabisa imekuja saa 5:30 asubuhi. Saa ya mwili imeanza kuburutwa nyuma, kwa kadiri ya saa moja tu baada ya kukesha mara nne.

Ijumaa hiyo amemaliza zamu. Analala saa tatu tu, kuanzia saa 3:30 hadi saa 6:30 mchana, ili ausubiri usiku akiwa na usingizi. Analala tena saa 4 usiku. Wastani wa usiku wa kwanza ni 59 na mapigo yamefika chini saa 12 asubuhi, karibu na kuamka. Usiku wa pili ni 58, saa 11:30 alfajiri. Wa tatu ni 57, saa 11. Wa nne ni 56, saa 10:30.

Ukiangalia wastani peke yake, alirudi kwenye kawaida yake usiku wa pili, maana tofauti ya mapigo mawili juu au chini haihesabiwi kuwa mabadiliko. Ukiangalia saa ya kufika chini, alihitaji usiku wa nne. Kama angeanza zamu nyingine baada ya mapumziko ya siku mbili, angeanza akiwa na saa ya mwili ambayo bado haijarudi, na vipimo vya zamu hiyo vingeanzia mahali tofauti.

Sasa tazama zamu ya mwezi uliofuata. Baada ya usiku wa pili, usingizi wa mchana unaonyesha wastani wa 70. Chumba hakikuwa na joto, hakunywa chochote cha kumchangamsha. Kwa anayelinganisha na usiku, 70 ni "zamu imezidi". Kwa anayelinganisha na mchana, ni mapigo tisa juu ya kawaida bila sababu. Anapima joto la mwili na kukuta nyuzi 38.1. Kwa mtu mzima, kila nyuzi moja ya homa hupandisha mapigo kwa takriban kumi, hivyo hesabu inalingana. Hatua sahihi ni kupima malaria siku hiyohiyo, siyo kusubiri zamu iishe.

5. Safari ya ndege inayovuka majira

Uchovu wa safari ya ndege ndefu una asili ileile: mwili umefika, saa yake imebaki nyumbani. Lakini umbo la mapigo hutegemea umeruka kuelekea mashariki au magharibi.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kuchukua mzigo anakuta saa za huko ziko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Akipanda kitandani saa 4 usiku, mwilini mwake ni saa 11 jioni. Saa ya mwili bado inapandisha mapigo. Atachelewa kupata usingizi, nusu ya kwanza ya usiku mapigo yatakuwa juu, na yatakuwa bado yanashuka kengele inapolia asubuhi. Sehemu ya chini kabisa ambayo Dar ingekuja saa 11 alfajiri, kule inaangukia saa 4 asubuhi akiwa tayari sokoni. Mstari wake ni wa mteremko usiofika mwisho.

Kuelekea mashariki, saa ya mwili inatakiwa isogee mbele, na kwa wastani husogea kadiri ya saa moja kwa siku. Saa tano zitachukua kama siku tano. Akirudi Dar es Salaam, inatakiwa irudi nyuma, na hilo ni jepesi kwa sababu saa ya mwili ya watu wengi ina mzunguko unaozidi saa 24 kidogo, kwa hiyo huelekea kuchelewa yenyewe. Kurudi nyuma huenda kwa kadiri ya saa moja na nusu kwa siku. Saa tano zitachukua siku tatu hadi nne.

Usiku wa kwanza nyumbani utaona umbo la kinyume: mapigo yanafika chini kabisa kama saa 6 usiku, kisha yanapanda, na mtu anazinduka saa 8 usiku akiwa macho makavu. Ni umbo lilelile la muuguzi aliyelala mchana.

Yapo pia mambo yanayotokana na ndege yenyewe. Hewa ndani ya ndege inayoruka juu huwa nyepesi kama ya mlimani, kufikia mwinuko wa takriban mita 2,400, ambao ni juu kuliko Nairobi. Moyo hupiga haraka ili kufidia. Ongeza kukosa usingizi kwenye kiti, kunywa maji kidogo, na pengine pombe, na usiku wa kwanza baada ya kutua utakuwa na wastani wa juu hata kama umesafiri kutoka kaskazini kwenda kusini bila kubadili saa. Athari hii hupita kwa kawaida ndani ya usiku mmoja au miwili ya kulala vizuri.

Mwanga ndio unaoisogeza saa ya mwili, na una mwelekeo. Mwanga unaoingia machoni kabla ya ile saa ya chini kabisa huirudisha nyuma. Ukiingia baada yake, huisogeza mbele. Kwa aliyefika Guangzhou, saa hiyo iko karibu na saa 4 asubuhi siku ya kwanza. Jua la saa 1 asubuhi litamrudisha nyuma wakati anatakiwa kwenda mbele. Siku ya kwanza avae miwani ya jua akitoka asubuhi, kisha apate mwanga wa nje kuanzia saa 5 asubuhi hadi mchana. Siku zinazofuata awahishe muda huo kwa saa moja kila siku. Akirudi nyumbani, jua la alasiri na jioni ndilo litakalomsaidia.

Safari ya siku tatu au nne haifai kuhangaikiwa. Saa ya mwili haitawahi kuhama kabla ya kurudi. Weka alama ya "safari" kwenye daftari, na vipimo hivyo usiviingize kwenye kiwango chochote.

6. Muda wa kusubiri kabla ya kukiamini kipimo

Hesabu zifuatazo ni kwa mtu mwenye afya njema anayepata nafasi ya kulala saa saba au zaidi baada ya mabadiliko. Anayelala saa nne asitegemee kutulia, kwa sababu deni la usingizi peke yake hupandisha mapigo.

- *Kukesha mara moja.* Acha usiku mmoja hadi miwili. Saa ya mwili haikuhama, kinachorudi ni usingizi tu.
- *Zamu tatu hadi tano mfululizo.* Wastani utulie ndani ya usiku wa pili au wa tatu, saa ya kufika chini ndani ya siku nne hadi tano.
- *Kuruka kuelekea mashariki.* Tofauti ya saa ndiyo idadi ya siku. Saa tano, siku tano.
- *Kuruka kuelekea magharibi.* Gawanya tofauti ya saa kwa moja na nusu. Kutoka Nairobi hadi New York tofauti ni saa saba au nane kulingana na msimu, hivyo siku tano hadi sita.
- *Kuingia zamu ya usiku ya kudumu.* Kusanya usingizi wa mchana angalau mara 7 kabla ya kuita namba yoyote kuwa ya kawaida, na usisubiri ifanane na ya usiku.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Wengi hudhani kwamba anayekesha miaka mingi mwili wake hugeuka kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, yaliyoangalia melatonini, yaani homoni ambayo mwili huitoa gizani, yalionyesha kuwa chini ya wafanyakazi 3 kati ya 100 wa usiku wa kudumu ndio saa yao ya mwili ilikuwa imegeuka kikamilifu. Sababu ni jua la asubuhi wanalokutana nalo wakirudi nyumbani, na siku za mapumziko ambazo hulala usiku pamoja na familia. Kwa mtu wa namna hii, mstari unaopanda wakati wa usingizi wa mchana utabaki hivyo miaka yote ya kazi. Huo ndio utulivu wake.

7. Vitu vinavyodanganya kipimo

Kabla ya kuulaumu mwili, kagua kifaa. Saa nyingi husoma mapigo kwa kumulika mwanga wa kijani kwenye ngozi. Ikikaa legelege, au kioo cha chini kikiwa na jasho na mafuta, mstari utakuwa na mapengo na miruko. Ivae juu ya mfupa wa kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, ibane bila kuumiza, na uifute kabla ya kulala.

Kosa la pili ni la hesabu. Vifaa vingi hukata siku saa 6 usiku na hutafuta usingizi wa usiku. Mlinzi aliyekaa kimya saa 10 alfajiri anaweza kuandikwa kuwa alilala, na usingizi wake halisi wa asubuhi ukaandikwa kama kulala kidogo mchana au usiandikwe kabisa. Dalili yake ni kukuta "usingizi" ulioanza ukiwa bado kazini. Rekebisha saa za kulala na kuamka kwenye programu kama inaruhusu. Kama hairuhusu, fungua mchoro wa mapigo wa saa 24 na usome mwenyewe kipande cha saa ulizolala kweli. Siku ya kuvuka majira, simu ikibadili saa, kifaa kinaweza kukuandikia siku ndefu au fupi kupita kiasi. Ifute kwenye hesabu.

Mwisho ni vitu unavyoingiza mwilini. Nusu ya kafeini ya kikombe cha kahawa bado huwa mwilini baada ya takriban saa tano. Atakayelala saa 3 asubuhi anywe kikombe cha mwisho kabla ya saa 9 usiku, na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe hivyohivyo. Sahani nzito ya wali au ugali kabla tu ya kulala hupandisha mapigo ya saa za mwanzo, na pombe hupandisha ya usingizi mzima. Zipo pia dawa za shinikizo la damu zinazoshusha mapigo. Aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa aanze kukusanya kiwango upya.

8. Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda ukapimwe kama wastani wa mapigo usingizini umezidi kiwango chako cha aina hiyo ya usingizi kwa kumi au zaidi, mara tatu mfululizo, bila sababu iliyoandikwa. Ikiwa kuna homa usisubiri mara ya tatu. Nenda pia kama muda wa sehemu ya 6 umepita kwa wiki moja na namba haijatulia. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi ni miongoni mwa sababu zinazoweza kupatikana kwa vipimo vya kawaida.

Nenda kama mapigo ukiwa umekaa na umepumzika yanazidi 100 mara kwa mara, au yanashuka chini ya 40 pamoja na kizunguzungu. Kama unakoroma kwa nguvu, unashtuka ukitafuta hewa, na mstari wa usingizi una meno kama ya msumeno usiku kucha, mweleze daktari. Huenda pumzi inakatika ukiwa umelala, na zamu haihusiki.

Nenda mara moja, bila kusubiri asubuhi, ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, au kuishiwa pumzi. Aliyetoka safari ndefu ya ndege akaona mguu mmoja umevimba au unauma kwenye shavu la mguu, huku mapigo yako juu, asikubali kuambiwa ni uchovu wa safari. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu linaua.

9. Daftari lako kazini

Vipimo vya saa ya mkononi si cheti cha daktari, lakini vinaweza kumsaidia daktari kuona kinachoendelea. Peleka daftari lenye safu mbili, usingizi wa usiku na wa mchana, pamoja na ratiba ya zamu ya wiki sita hadi nane. Picha moja ya skrini yenye namba nyekundu haimwambii kitu.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inahesabu usiku kuwa baada ya saa 2 usiku na kabla ya saa 12 asubuhi, na inaweka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku. Kifungu hichohicho kinamkataza mwajiri kumpangia kazi ya usiku mfanyakazi aliyethibitishwa na daktari kuwa hafai kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayeona mapigo yake hayatulii zamu baada ya zamu aanzie kwa daktari, apimwe, na cheti kikipatikana ndipo akae na msimamizi wake.

Kwa msimamizi anayepanga zamu, mfano wa muuguzi unatosha kumwonyesha jambo moja: siku mbili za mapumziko baada ya kukesha mara nne hurudisha wastani, hazirudishi saa ya mwili. Ratiba ikiruhusu siku ya tatu na ya nne, mfanyakazi ataanza zamu inayofuata kutoka kwenye kiwango chake mwenyewe, na namba atakazoandika zitaweza kulinganishwa na za nyuma.